Habari za kazi hutoka kwa nani?

Wengi husema: “Kazi utaipata kwa rafiki wa karibu, watu wa salamu tu hawana msaada.”

Lakini mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kuwa, kati ya wafanyakazi wa eneo la Boston waliopata kazi kupitia mtu, takriban asilimia 17 tu walikuwa wakionana naye mara kwa mara.

Chukua muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma. Marafiki zake wote wanajuana na wanashinda mwalo mmoja. Akisikia mmoja, jioni wote wanajua. Nia njema wanayo, habari mpya ndiyo hawana. Mteja anayekuja na treni kutoka Tabora mara moja moja ndiye anayejua duka lipi kule limekosa mzigo.

Kosa la kawaida ni kumwambia mteja huyo “unikumbuke”, halafu basi. Akumbuke nini? Muulize hivi: “Unamfahamu mwenye duka Tabora anayetaka magunia mawili ya dagaa wakavu kila wiki?” Akimtaja, mwombe akutambulishe kwa simu papo hapo. Ila mkopo au udhamini usimwombe. Huo unataka ndugu au rafiki anayeijua tabia yako.