Kitelezi cha ufanano hakipimi sura yako

Wiki hii tena kijana mmoja wa Likoni ameniletea simu yake akilalamika kwamba avata, yaani mchoro wa kumwakilisha, aliyotengenezewa na mchezo wa mpira haikuushika uso wake, akitaka nisogeze kitelezi cha ufanano, kile kitufe cha kuburuta kinachoongeza au kupunguza ufanano, hadi mwisho. Ombi hili limenichosha. Kitelezi hicho hupima ukaribu wa avata na picha, si ukaribu wake na mtu, na selfi ni shahidi mbaya.

Selfi yake aliipiga kwa umbali wa sentimita 30 hivi. Kwa umbali huo pua iko karibu mno na lenzi ikilinganishwa na masikio, kwa hiyo pua hutanuka na masikio hujificha nyuma ya mashavu. Ukisogeza kitelezi hadi mwisho, unaiamuru programu inakili upotovu huo kwa uaminifu. Nilimpiga picha upya kivulini, kwa umbali wa mita 1.5, nikaivuta kwa zumu mara 2. Pua ikarudi mahali pake kabla sijagusa kitelezi.

Kisha nikakishusha hadi katikati, naye akashtuka. Wachoraji wa vibonzo wanajua kwamba sura hutambulika kwa yale yanayoitenga na uso wa wastani, yakitiwa chumvi kidogo. Kijana huyu ana mwanya mpana na nyusi zinazokaribia kukutana. Vinyweleo vya ngozi havimtambulishi, na katika gumzo, ambako avata ni ndogo kama ukucha, havionekani kabisa. Hata hivyo, programu ilikuwa imeuziba mwanya kana kwamba ni kasoro ya picha, ikanibidi niurudishe kwa mkono katika menyu ya meno.

Linaloniudhi zaidi ni huo wastani wenyewe: ni wastani wa nani? Programu iliyofunzwa kwa picha chache za watu kama sisi huona pua pana na midomo minene kuwa ndiyo alama za mtu, ikazikuza, ilhali nusu ya abiria wa feri wanazo. Kulipima ni rahisi: tengeneza avata za marafiki wawili wasio na udugu, na zikitoka kama mapacha, basi programu imechora kundi, haikumchora mtu. Hapo kitelezi hakifai kitu. Ni lazima upange nyusi, taya na meno kimoja kimoja.

Rafiki zake waliitambua avata ile mara moja, lakini mwenyewe akasema si yeye. Amezoea uso wa kwenye kioo, ambao kushoto na kulia vimebadilishana, na jicho lake moja liko chini kidogo kuliko jingine. Sijapata kanuni ya kuamua nani afuatwe. Kwa gumzo huwafuata rafiki, kwa kuwa wao ndio watakaoitazama. Kwa mchezo anaoucheza peke yake, niliigeuza picha kama kioo, akaikubali.