Kurasa 84, maelezo mamoja: nilivyoandika upya duka la magodoro

Mwenye duka aliniambia hivi kwenye simu: "Dada, maelezo yapo kila ukurasa, lakini wateja bado wanapiga kuuliza yale yale." Nilipofungua tovuti yake nikaelewa. Anauza aina 7 za magodoro. Kila aina ina saizi 4, kuanzia tatu na nusu kwa sita hadi sita kwa sita, na kila saizi ina unene wa inchi 6, 8 na 10. Aliyemtengenezea tovuti alifungua ukurasa kwa kila mchanganyiko, zikawa kurasa 84. Zote zilisema: "Godoro bora na imara litakalokupa usingizi mnono." Kilichobadilika ni namba tu.

Wengi wakiambiwa maandishi yao yamejirudia hukimbilia kubadilisha maneno. Hapa panakuwa "imara", pale "madhubuti", usingizi mnono unageuka mwanana. Mwenye duka huyu alishamlipa mtu kuifanya kazi hiyo na haikumsaidia kitu, kwa sababu msomaji bado hajaambiwa tofauti ya godoro hili na lile.

Niondoe na hofu moja hapa. Google haikupi adhabu kwa kuwa maandishi ya dukani kwako yanafanana. Inazikusanya kurasa zinazofanana, inachagua mmoja wa kuonyesha, na nyingine zinabaki nyuma. Hasara ni kwamba wewe huchagui. Mteja anatafuta godoro la tano kwa sita, anapelekwa kwenye la nne kwa sita. Au maelezo uliyonakili kwa mtengenezaji yako kwenye maduka mengine ishirini, na ukurasa unaoonyeshwa si wako. Ukiwa na Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, angalia ripoti ya kurasa: ukiona `Duplicate without user-selected canonical`, ndiyo hali hiyo.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa kuandika. Nilimwaga maandishi yote kwenye jedwali, sentensi moja kila mstari, na pembeni anuani ya ukurasa ilikotoka. Kisha nikapanga kwa alfabeti, na zilizojirudia zikalala pamoja. Kila sentensi niliipa jaribio moja: nikiihamishia kwa godoro lingine, bado itakuwa kweli? Ikiwa kweli kwa magodoro yote, basi mahali pake ni ukurasa mmoja wa usafirishaji na dhamana. Ikiwa kweli kwa saizi fulani tu, iende kwenye maelezo ya kundi la saizi hiyo. Ikimsaidia mtu kuchagua kati ya aina na aina, iende kwenye mwongozo wa kununua. Ikiwa kweli kwa godoro hilo peke yake, ibaki pale pale. "Usingizi mnono" ilipita kila mahali bila kumwambia mtu lolote, nikaifuta.

Kurasa 84 za bidhaa zikawa 7. Kila aina ina ukurasa wake, na mteja anachagua saizi na unene humo humo. Anuani za zamani zinampeleka mtu kwenye ukurasa mpya kwa uelekezo wa 301, ili viungo vilivyokwisha kusambazwa WhatsApp visife.

Juu yake kuna kurasa za makundi, zinazokusanya magodoro pamoja. Makundi hayo niliyagawa kwa saizi, maana watu wetu hutafuta godoro kwa saizi ya kitanda kabla ya jina. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi. Ukikaa na futikamba, kila saizi ina habari zake. Haya ni maelezo ya kundi la tano kwa sita kama yalivyo sasa:

"Watu wawili kwenye tano kwa sita wanapata takriban sentimita 76 kila mmoja, upana unaotosha watu wazima wasiolala na mtoto katikati. Shuka la saba kwa nane linaingia, lakini angalia unene: kwenye godoro la inchi 8 linabaki na inchi 4 za kukunja chini kila upande, na kwenye inchi 10 zinabaki 2 tu, hivyo litachomoka usiku."

Jaribu kuyahamishia kwenye nne kwa sita. Hayaingii. Kule wawili wanapata sentimita 61 kila mmoja, na shuka lile lile linabaki na inchi 8 za kukunja kila ubavu hata kwenye godoro la inchi 10. Kwa hiyo maelezo ya kundi lile yanaanza na mtu mmoja mzima, au mama na mtoto. Sikuhitaji kutafuta visawe, kwa sababu vitu vyenyewe vinatofautiana. Sentensi mbili tatu kama hizo zinatosha juu ya bidhaa. Aya ndefu ya kurudiarudia "magodoro bei nafuu" chini ya ukurasa siiandiki.

Kulikuwa na tatizo la vichujio pia. Mteja akichuja inchi 8, tovuti inazalisha anuani mpya yenye `?unene=8` na maelezo yale yale ya kundi. Kwenye kurasa hizo tuliweka mstari unaoiambia Google ukurasa upi ndio mkuu:

```html
<link rel="canonical" href="https://example.com/magodoro/5x6/">
```

Hilo ni ombi, si amri. Google inaweza kuchagua vingine. Na usilitumie kuunganisha nne kwa sita na tano kwa sita ili ukwepe kuandika. Hizo ni bidhaa tofauti kwa watu tofauti, na ile uliyoielekeza kwa mwenzake unaiomba itoke kwenye matokeo.

Mwongozo wa kununua tuliandika mmoja, kwa swali lililokuwa likipigiwa simu zaidi: nitajuaje kama hili kweli ni hai densiti? Maelezo ya mtengenezaji yalisema "msongamano wa juu" kwa aina 5 kati ya 7, kwa hiyo hayakutofautisha chochote. Nikaenda stoo na mizani ya kuning'iniza. Godoro moja la tano kwa sita inchi 8 lilikuwa na kilo 14.8. Tukafungua zipu, tukapima kitambaa peke yake: kilo 1.2. Sponji basi ni kilo 13.6. Ujazo wake ni futi 5 mara 6 mara theluthi mbili ya futi, yaani futi za ujazo 20, sawa na mita za ujazo 0.566. Gawanya, unapata kilo 24 kwa kila mita ya ujazo.

Tulipima aina zote 7 hivyo hivyo. Namba zikaingia kwenye kurasa za bidhaa, na njia ya kupima ikabaki kwenye mwongozo pekee, kurasa nyingine zikiielekezea kwa kiungo. Mwongozo unaeleza pia kwamba msongamano si ugumu: godoro laini linaweza kuwa na sponji nzito, na gumu likawa na nyepesi. Aliyelala juu yake dukani dakika mbili amejua ugumu tu.

Wiki iliyopita aina ya nane imeingia. Sikuandika neno hadi kijana wa stoo aliponijibu manne: uzito wake bila kitambaa, unene halisi kwa futikamba, kama kitambaa kinavuliwa kufuliwa, na kama linafika limekunjwa au limenyooka. Kitambaa cha hili kimeshonwa moja kwa moja, hakina zipu, kwa hiyo uzito wa sponji peke yake hatuna. Ukurasa wake umeandika uzito wa jumla, na umesema wazi kwamba kitambaa kimo ndani yake.