Dira haijui umesimama wapi: dhana potofu kuhusu kukata uwanda wa nyasi kwa mstari ulionyooka

Uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, uko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,600. Ni nyasi na maua hadi macho yanapoishia, ndiyo maana wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Asubuhi ikiwa na jua unaona kilima unachokiendea, lakini ukungu ukishuka, hata mwenzako aliye hatua hamsini mbele hufifia. Hapo ndipo dira na ramani ya karatasi hutolewa mkobani, na hapo ndipo makosa huanza.

Tuchukue safari moja. Umesimama kwenye kona ya barabara, unakwenda kwenye daraja dogo la kijito upande wa mashariki. Ramani yako ni ya skeli ya 1:50,000, na kati ya kona na daraja kuna sentimita 6, yaani kilomita 3. Unalaza ubao wa dira kwenye mstari huo, mshale wa safari ukitazama darajani. Kisha unazungusha gurudumu lenye namba za nyuzi mpaka mistari yake iende sambamba na mistari ya gridi inayopanda kaskazini, na unasoma nyuzi 70.

"Lazima kwanza ramani ielekezwe kaskazini." Hapana, si kwa kazi hii. Wakati wa kupima pembe kwenye karatasi, dira ni kipimapembe tu na sindano haina kazi. Unaweza kupima ukiwa mezani jikoni, usiku wa kuamkia safari, na afadhali ufanye hivyo.

"Kaskazini ya ramani na kaskazini ya sindano ni moja." Jijini Nairobi kosa hili halitakuumiza, kwa sababu siku hizi tofauti hiyo pale ni ndogo mno. Ukishuka kusini mwa Tanzania, sindano huvutwa nyuzi chache magharibi, na ukifika Johannesburg tofauti inakaribia nyuzi 20. Tofauti yenyewe imeandikwa pembeni mwa ramani, pamoja na mwaka ilipopimwa na kiasi inachobadilika kila mwaka. Ramani ikiwa ya zamani, piga hesabu ya miaka iliyopita. Tuseme umepata nyuzi 3 magharibi: unaziongeza kwenye 70, unatembea kwa 73. Ukizisahau, mwisho wa kilomita 3 utakuwa umepotoka kama mita 157. Mita hizo zinatosha kulikosa daraja ndani ya ukungu.

"Nikishika uelekeo wa 73 muda wote, nitafika." Hii ndiyo dhana inayopoteza watu wengi kuliko zote, nami naomba msomaji atulie hapa. Dira inajua kaskazini iko wapi. Haijui wewe uko wapi. Ukisukumwa na upepo mita 100 kulia kisha ukaitazama, itakuonyesha nyuzi 73 zilezile, na utaendelea mbele bila wasiwasi. Kumbe sasa unafuata mstari mwingine, ulio sambamba na ule wa kwanza, na mstari huo haupiti darajani. Sindano haitakuonya, kwa sababu kwake hakuna kilichoharibika.

Na kusukumwa ni rahisi. Mteremko wa pembeni humvuta mtu chini kidogo kidogo, na vishungi virefu vya nyasi humfanya apishe upande uleule kila mara. Ukitembea huku macho yamekazwa kwenye sindano, hutaviona hivyo vyote. Kwa hiyo mstari hushikwa kwa alama. Inua dira usawa wa kifua, geuza mwili wote mpaka sindano ikae ndani ya mshale uliochorwa chini yake, kisha tafuta kitu kilicho kwenye mstari: jiwe, kichaka, kishada cha maua mekundu kilichozidi wenzake. Shusha dira, nenda mpaka kwenye kitu hicho kwa njia yoyote iliyo rahisi kwa miguu, kisha upime upya ukiwa hapo. Alama iwe isiyohama. Ng'ombe hafai, wala wingu.

Kama hakuna alama, mwenzako ndiye alama. Mwambie atangulie mpaka anakaribia kupotea kwenye ukungu, mpigie kelele, "Kushoto kidogo! Hapo hapo, simama!", kisha umfuate. Ni mwendo wa polepole, lakini ndio uliopo.

Kuna na jicho la nyuma, ambalo wengi hawalitumii. Kabla hujaondoka, acha nyuma kitu kinachoonekana, au mtu. Ukishatembea kidogo, geuka bila kugusa gurudumu, mpaka ncha ya kusini ya sindano iingie kwenye mshale ambamo huwa inakaa ncha ya kaskazini. Sasa unatazama nyuzi 253. Alama yako ikiwa mbele yako sawasawa, uko kwenye mstari. Ukiiona kushoto, sogea kushoto, ungali umeitazama, mpaka ilingane. Hii ndiyo njia ya kugundua kwamba umehamia mstari sambamba.

"Nikikuta kinamasi nazunguka tu, dira itanirudisha." Haitakurudisha, kwa sababu ileile. Kama ng'ambo ya kinamasi kuna alama kwenye mstari wako, zunguka uifikie. Kama haionekani, geuka kulia kwa pembe mraba, yaani nyuzi 163, ukihesabu hatua, tuseme 120. Tembea tena kwa 73 mpaka ukipite kinamasi. Hatua hizi za mbele, si zile 120 za pembeni, hesabu kama umbali wa safari. Halafu rudi kwa nyuzi 343, hatua 120 zilezile. Umerudi kwenye mstari wako.

"Aliyepotea akazunguka duara ana mguu mmoja mrefu." Maelezo haya nimeyasikia tangu utoto. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake, wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio yao ya kuwatembeza watu msituni na katika jangwa la Sahara. Jua au mwezi ulipoonekana, watu walishika mstari vizuri. Ulipofichwa, walizunguka bila kujijua. Waliofungwa macho walipinda mara kushoto, mara kulia, na tofauti ya miguu haikueleza mzunguko wao. Ni hisia ya "mbele" inayoteleza polepole, na nguvu za miguu hazina dawa ya hilo.

"Dira ni dira, popote." Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya, ikifika kusini mwa ikweta, ncha ya kusini ya sindano huinama na yaweza kukwaruza kifuniko. Utaijua kwa kuwa sindano ni nzito kuzunguka na hutulia mahali tofauti kila ukiitikisa. Ziko zilizotengenezwa kwa ajili ya kusini, na ziko za dunia nzima. Panga, simu na gari nazo ziwe mbali unapopima.

"Fundi hulenga daraja lenyewe." Hata ukifanya yote vizuri, nyuzi 3 au 4 za kosa ni za kawaida, na kwa kilomita 3 hizo ni kama mita 160 hadi 210. Ukilenga daraja, ukakuta kijito bila daraja, utageukia wapi? Basi lenga pembeni kwa makusudi. Badala ya 73, tembea kwa 68. Nyuzi 5 kwa kilomita 3 ni takriban mita 260, kwa hiyo utakifikia kijito kushoto mwa daraja. Maji yakigusa viatu vyako, geuka kulia na ufuate ukingo mpaka uone mbao za daraja.