Mapato kwa kanda: ankara Singapore, mzigo kwingine

Mfanyabiashara anatoka Lubumbashi, anafika Kariakoo, ananunua marobota kumi ya vitenge kwenye duka la jumla. Analipa pale pale, anapewa risiti ya EFD, mzigo unapakiwa kwenye lori na kuelekea Tunduma hadi Kongo. Sasa mwenye duka akiulizwa mauzo yale ni ya wapi, atajibuje? Risiti inasema Dar es Salaam. Vitenge vitavaliwa Lubumbashi. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila kila moja linajibu swali lake.

Kampuni kubwa hukutana na swali hilo hilo kila mwaka, na jibu lao huwekwa kwenye jedwali linaloitwa mapato kwa kanda. Ni mgawanyo wa fedha zote ambazo kampuni imeingiza kwa mauzo katika mwaka wa fedha, ukionyesha kiasi gani kimetoka nchi gani au eneo gani la dunia. Usilitafute kwenye kurasa za mbele zenye picha na barua ya mwenyekiti. Liko nyuma, kwenye maelezo ya hesabu, karibu na taarifa za sehemu za biashara. Ukiwa na ripoti ya Kiingereza kwenye simu au kompyuta, andika `geographic` kwenye kisanduku cha kutafutia na utafika haraka.

Jedwali hili haliwekwi kwa hiari ya kampuni. Kanuni ya kimataifa ya hesabu IFRS 8 inaitaka kampuni ambayo hisa zake zinauzwa sokoni itenganishe mapato ya nchi ilikosajiliwa na yale ya nchi za nje, na kama kuna nchi moja ya nje yenye uzito, itajwe peke yake. Marekani wana kanuni yao inayofanana na hiyo. Lakini sharti ninalolithamini zaidi ni lile linaloitaka kampuni iseme imetumia kigezo gani kuyapeleka mapato kwenye nchi fulani. Kigezo hicho kwa kawaida huandikwa kwa sentensi moja au mbili, juu au chini ya jedwali, na wasomaji wengi huiruka. Bila sentensi hiyo, tarakimu zilizomo humo hazina maana kamili.

Tuchukue Nvidia, kampuni ya Kimarekani inayobuni vichakato vinavyoendesha mitambo ya akili mnemba. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia tarehe 26 Januari 2025, iliuza bidhaa za dola bilioni 130.5. Jedwali lake la kanda linasema Marekani ilileta bilioni 61.3, Singapore bilioni 23.7, Taiwan bilioni 20.6, China pamoja na Hong Kong bilioni 17.1, na nchi nyingine zote kwa pamoja bilioni 7.9.

Tazama hapo Singapore. Ni kisiwa chenye watu wapatao milioni sita, na hapa kinaonekana kuwa mnunuzi wa pili kwa ukubwa, mbele ya China, kikibeba asilimia 18 ya mauzo yote. Mtu akiishia kwenye tarakimu ataamini kwamba Singapore imejaa majumba ya kompyuta kuliko Uchina nzima.

Sasa soma maelezo yanayoambatana na jedwali. Nvidia inaeleza kwamba imegawa mapato kwa kufuata mahali mteja anapopelekewa ankara, ndiyo `billing location` katika Kiingereza cha ripoti. Inaongeza kwamba wateja wanaitumia Singapore kukusanya ankara zao mahali pamoja, na kwamba bidhaa karibu zote husafirishwa kwenda kwingine. Mzigo uliofika Singapore yenyewe haukuzidi asilimia 2 ya mauzo ya kampuni ya mwaka huo.

Tupige hesabu. Asilimia 2 ya bilioni 130.5 ni kama bilioni 2.6. Ukiitoa kwenye bilioni 23.7 zilizoandikiwa Singapore, zinabaki bilioni 21 na ushei. Yaani kwa uchache, bidhaa za dola bilioni 21 zililipiwa kwa ankara za Singapore na kushushwa nchi nyingine. Nchi zipi hasa? Jedwali halisemi, na hapo ndipo ukomo wake ulipo. Taiwan nayo isomwe kwa uangalifu huo huo, maana ndiko waliko watengenezaji wakubwa wa seva. Wananunua vichakato, wanavifunga kwenye mashine, halafu mashine zinapelekwa kwa wenyewe nje ya Taiwan.

Kuna jedwali jingine jirani linalosaidia kupima, lile la mali za kudumu kwa kanda: majengo, mitambo na vifaa. Kwa Nvidia, nchi zilizotajwa humo kwa majina ni Marekani, Taiwan na Israeli. Singapore haina mstari wake. Nchi ikiwa na mapato mengi na mali haba, jiulize kama pale pana soko au pana ofisi ya malipo tu. Halithibitishi jambo peke yake, kwa sababu kampuni inaweza kuuza sana mahali bila kumiliki hata ghala, lakini linakuonyesha pa kuuliza.

Kosa la pili la wasomaji ni kuliamini jina la kanda. Apple hugawa mauzo yake katika kanda tano, na mojawapo inaitwa Ulaya. Ukisoma ufafanuzi wake utakuta ndani ya hiyo Ulaya mna India, Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa hiyo simu ambayo Apple imeiuza kwa ajili ya soko la Nairobi au Muscat inahesabiwa Ulaya. Mauzo ya kanda hiyo yakipanda, huwezi kusema Wajerumani wamenunua zaidi. Huenda ni Wahindi.

Kwa hiyo mimi nikifungua ripoti, naanza na kigezo: ni ankara, ni mahali mzigo ulipofika, au ni nchi ya ofisi iliyouza? Halafu naangalia kanda imefafanuliwa vipi, na kama ufafanuzi ule ule ulitumika mwaka uliopita, kwa sababu kampuni ikihamisha nchi kutoka kanda moja kwenda nyingine, ukuaji unaweza kuonekana pasipo biashara yoyote mpya. Tarakimu nazisoma mwisho.

Tofauti hii ya ankara na mzigo ina uzito wa fedha. Aprili 2025 serikali ya Marekani iliiambia Nvidia kwamba kichakato chake cha H20, kilichobuniwa kwa ajili ya soko la China, sasa kitahitaji leseni kusafirishwa huko. Robo mwaka hiyo kampuni ikaandika hasara ya dola bilioni 4.5 kwa bidhaa ilizokwisha kuziandaa na oda za malighafi ilizokwisha kuzikubali. Anayetaka kupima hatari ya namna hiyo kwa kutumia jedwali anapata bilioni 17.1 za China, lakini hizo ni ankara za China. Sheria ya usafirishaji inafuata mahali mzigo unakokwenda.