Barua ya mwenye nyumba inataka bima: wapangaji wanavyodhani, na mambo yalivyo

"Mkataba hautahuishwa mpaka mpangaji awasilishe uthibitisho wa bima ya vitu vya ndani na bima ya dhima." Sentensi hiyo ilikuwa kwenye barua ya nusu ukurasa iliyogawiwa wapangaji wa ghorofa moja hapa Chumbageni, Tanga. Ndani ya wiki nikawa nimepokea wageni saba, kila mmoja na nakala yake mkononi. Mimi ni wakala wa bima. Watu wakinijia huwa ni kwa sababu ya gari au bodaboda. Bima ya kochi na sufuria, kama alivyoiita mama mmoja kwa kebehi, hakuna aliyewahi kuniulizia. Kwa hiyo waliyokuja nayo yalikuwa ya kusikia tu, na mengi hayakuwa hivyo.

"Nyumba si yangu, na mwenyewe ana bima yake"

Anayo, ni kweli. Lakini bima ya jengo hulipia kuta, paa, milango, nyaya zilizofukiwa ukutani na vyoo. Friji lako, kitanda, televisheni na mashine ya kufulia haivijui. Moto ukipita, mwenye nyumba atajengewa na wewe utabaki na jivu lako.

Hiyo ndiyo nusu ambayo watu wengi huielewa nikishawaambia. Nusu ya pili huwashtua. Kampuni iliyomlipa mwenye nyumba husimama mahali pake, na ikiwa moto ulitokana na uzembe wa mpangaji, inaweza kumdai mpangaji huyo fedha iliyolipa. Mzee wa watu hakudai, mmepatana na mmesameheana, lakini kampuni haikuwepo kwenye huo msamaha. Ndiyo maana barua inataja bima ya dhima pamoja na ile ya vitu vya ndani. Bima ya vitu hulinda mali yako. Bima ya dhima inakulinda wewe pale unapodaiwa na mtu uliyemharibia.

"Bima ya dhima ni bima ya dhima, nitanunua ya bei rahisi"

Hapa ndipo fedha hupotea, na hapa ndipo nakaa muda mrefu na mteja.

Chukua mpangaji wa ghorofa ya kwanza. Ameweka mafuta jikoni akaange samaki, simu imeita, akatoka kwenye baraza kuongea. Aliporudi, kabati za jikoni zinawaka. Majirani na zimamoto wakauzima kwa maji mengi. Maji yakapenya sakafu mpaka chini, kwa fundi cherehani mwenye vitambaa vya watu. Tuseme hesabu ilikuja hivi: friji na jiko la mpangaji, shilingi 1,800,000. Cherehani mbili na vitambaa vya fundi, 2,100,000. Kabati, dari na nyaya za mwenye nyumba, 6,500,000.

Moto ni mmoja, madai ni matatu, na kila dai lina mlango wake. Friji na jiko vinalipwa na bima ya vitu vya ndani. Fundi cherehani analipwa na bima ya dhima, kwa sababu yeye ni mtu wa nje aliyedhurika kwa uzembe wa mpangaji. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye ile 6,500,000. Hati nyingi za dhima zina kipengele kinachosema kampuni haitalipia uharibifu wa mali iliyo chini ya uangalizi au mikononi mwa mwenye bima. Na chumba unachokipanga kiko mikononi mwako, ufunguo ni wako. Kwa hiyo hati hiyo hiyo inayomlipa fundi wa chini inaweza kumkatalia mwenye nyumba, ambaye ndiye aliyeandika barua. Mpangaji ametimiza barua neno kwa neno na bado hana kinga kwa hasara kubwa kuliko zote.

Dawa yake ni kifungu cha nyongeza kinachoitwa dhima ya mpangaji. Kinarudisha ndani kile kilichotolewa, yaani uharibifu wa jengo unalopanga, kwa sababu zilizoorodheshwa kama moto, mlipuko, au maji kutoka kwenye bomba lililopasuka. Mara nyingi huambatanishwa kwenye bima ya vitu vya ndani, na huongeza malipo kidogo tu. Ukiwa mbele ya wakala usiulize "kuna dhima?" Atasema ipo, na hatakuwa amedanganya. Uliza: "Nikiunguza nyumba hii ninayoipanga, ukuta utalipwa kwa kifungu kipi?" Akuoneshe kwa kidole.

Kisha tazama kikomo. Kama hati inasema dhima haizidi 5,000,000 kwa tukio moja, madai ya fundi na ya mwenye nyumba kwa pamoja ni 8,600,000, na 3,600,000 zinabaki shingoni mwako. Barua ya Chumbageni haikutaja kikomo chochote. Nikawaambia wote saba waulize, maana mwenye barua akinyamaza leo, siku ya moto hatanyamaza.

Kuna upande wa pili ambao mwenye nyumba naye huukosea. Bima ya dhima hulipa pale tu mpangaji anapowajibika kisheria. Radi ikipiga paa, au nyaya za mwaka arobaini na saba zikishika moto zenyewe ndani ya ukuta, mpangaji hana kosa, na bima yake ya dhima haina cha kulipa. Hilo ni la bima ya jengo. Nimeona barua nyingine, ya mtaa wa pili, ikitaka "bima ya mpangaji ilipe uharibifu wowote wa nyumba." Hati ya namna hiyo sina ya kuuza.

"Taja kiasi kidogo, utalipa kidogo"

Utalipa kidogo, na utalipwa kidogo pia, hata kwa hasara ndogo. Watu hudhani ukikata bima ya milioni saba, basi hasara yoyote isiyofika milioni saba italipwa yote. Sivyo. Mpangaji wetu ana vitu vya 14,000,000 lakini ameandikisha 7,000,000. Kwa macho ya kampuni, nusu ya mali ameikatia bima kwao na nusu ameibeba mwenyewe. Hasara ya 1,800,000 nayo inagawanywa vivyo hivyo, anapata 900,000. Ikiwa hati ina eksesi ya 100,000, yaani kiasi ambacho mwenye bima hujibebea kila dai, mkononi zinafika 800,000.

Kwa hiyo keti siku moja na kalamu, uzunguke chumba kwa chumba. Fungua kabati. Nguo ndizo zinazosahaulika kuliko vyote: mwanamke wa Tanga mwenye kanga na madira ya miaka kumi ana mali pale kuliko televisheni. Kisha uliza kama kampuni hulipa bei ya kitu kipya au hukata uchakavu, kwa sababu hilo linaamua uandike bei gani. Vitu vya thamani kama dhahabu na kompyuta huwa na mipaka yake, vinatakiwa vitajwe kimoja kimoja.

Na wizi: kwa kawaida kampuni hutaka dalili za kuvunja. Kitasa kilichong'olewa, nondo iliyokatwa. Simu iliyovuliwa kwa fimbo kupitia dirisha lililoachwa wazi usiku wa joto la Februari ni kesi ngumu. Kutu ya chumvi ya bahari hailipwi kabisa.

"Nimeshapewa karatasi, ndiyo uthibitisho"

Karatasi gani? Kati ya wale saba, wawili walikuwa wameshapita kwingine kabla ya kunifikia. Mmoja alikuwa na fomu ya maombi aliyoijaza mwenyewe. Mwingine alikuwa na makadirio ya bei. Vyote viwili havimkingi mtu. Kinga huanza malipo yakipokelewa na hati ikatolewa, iwe kava noti ya muda au hati kamili. Kwenye hati hiyo angalia jina lako, mahali penyewe (mtaa, kiwanja, ghorofa), tarehe ya kuanza na ya kuisha, kiasi cha vitu, na kikomo cha dhima. Namba yake unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, `tiramis.tira.go.tz`. Mwenye nyumba naye anaweza, na angefanya vizuri akifanya hivyo badala ya kukusanya nakala za fotokopi.

Tarehe zinahitaji jicho. Ukikata bima Machi na mkataba wa pango ukaanza Julai, bima itakwisha mkataba ukiwa bado una miezi minne, na hapo utaitwa mvunja masharti bila kujua.

Wengi waliniuliza kama ni lazima wampe mwenye nyumba orodha ya mali zao. Si lazima. Anachohitaji ni ukurasa wa muhtasari. Bibi mmoja alishusha pumzi kabisa: "Mwanangu, mimi sitaki ajue nina friji mbili, ataniongezea kodi." Sikumpinga.

Wengine walihofu kwamba jina la mwenye nyumba likiandikwa kwenye hati, fidia ya vitanda vyao itakwenda kwake. Kutajwa kama mtu mwenye maslahi hakumpi mali zako. Kunahusu fedha ya uharibifu wa jengo lake. Ila soma neno lililotumika. Kama ameandikwa kuwa mwenye bima pamoja nawe kwenye vitu vya ndani, litoe.

"Sheria mpya inalazimisha"

Hii ilianzia kwa kijana aliyesikia habari nusu. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka bima ya lazima kwa mambo kama masoko ya umma, majengo ya biashara na vyombo vya majini. Vitu vya ndani vya mpangaji wa nyumba ya kuishi havimo. Nguvu ya ile barua inatoka kwenye mkataba. Muda wa pango ukiisha, mwenye nyumba anaweza kuweka sharti kwa mkataba mpya, nawe unaweza kukubali, kujadili au kuhama. Mkataba ukiwa katikati, hawezi kuongeza sharti peke yake kwa barua.

Wale saba walikubaliana kumwandikia barua moja ya pamoja. Waliomba mambo matatu: ataje kikomo cha dhima, akubali ukurasa wa muhtasari, na aandike "dhima ya mpangaji kwa moto, mlipuko na maji" mahali pa "bima ya dhima". Aliwajibu baada ya siku nne kwa ujumbe wa simu: kikomo milioni kumi, mengine sawa, na mwezi mmoja zaidi wa kujitayarisha. Bibi wa friji mbili alikuja wa kwanza kulipa.