Pete mbili za shaba, utando mmoja wa sabuni

Hapa Lubumbashi waya wa shaba haukosekani. Fundi anayefunga upya moteri zilizoungua atakupa kipande. Kunja pete mbili, kila moja yenye nusu kipenyo cha sentimita 5. Zishike pamoja, zichovye katika maji ya sabuni, kisha zitenganishe polepole. Katikati mara nyingi hubaki utando bapa. Utoboe kwa kidole kikavu. Utando uliosalia kati ya pete utaingia ndani na kufanya kiuno.

Kwa nini usinyooke kama bomba? Kwa sababu utando wa sabuni hujivuta uwe na eneo dogo iwezekanavyo. Tukiita x nafasi kwenye mstari wa katikati, ikipimwa kutoka kiunoni, na y umbali wa utando kutoka mstari huo, eneo ni:

```
A = 2π ∫ y √(1 + y′²) dx
```

Hapa hatutafuti namba, tunatafuta umbo zima la y. Umbo linalostahili ni lile ambalo ukilisogeza kidogo sana popote, ncha zikibaki kwenye pete, eneo halibadiliki kwa hatua ya kwanza. Sharti hilo ndilo mlinganyo wa Euler na Lagrange. Kwa kuwa x haionekani peke yake ndani ya hesabu, mlinganyo unafupika:

```
y / √(1 + y′²) = c
```

Kiunoni mteremko y′ ni sifuri, kwa hiyo c ni nusu kipenyo cha kiuno chenyewe. Jibu ni y = c cosh(x/c), umbo lilelile la waya unaolegea kati ya nguzo mbili. Euler alishalieleza mwaka 1744.

Sasa weka pete umbali wa sentimita 5. Kila pete iko sentimita 2.5 kutoka kiunoni, hivyo c lazima itimize 5 = c cosh(2.5/c). Wanafunzi wengi hupata c = 4.24 na kuweka kalamu chini. Lakini c = 1.18 nayo inatimiza! Pima maeneo: kiuno kipana kinatoa takriban sm² 150, chembamba sm² 171. Bomba lililonyooka ni sm² 157 tu. Jibu la pili, ingawa limepita katika mlinganyo, linashindwa hata na bomba. Mlinganyo huteua wagombea. Hausemi nani mdogo kuliko wote, kwa hiyo eneo la kila mmoja lazima lihesabiwe.

Endelea kutenganisha pete. Kuanzia kama sentimita 5.3, tando mbili bapa, moja katika kila pete, zingekuwa na eneo dogo zaidi, lakini utando wenye kiuno bado unasimama, kwa sababu kila badiliko dogo linauongezea eneo. Karibu na sentimita 6.6 yale majibu mawili ya c yanakutana na kuwa moja, na baada ya hapo hakuna c inayofaa. Weka rula kando ya pete uangalie: hapo ndipo kiuno kinapokatika ghafla, na kila pete inabaki na utando wake bapa.