Karibu sana ishirini, halafu kimya

Je, wajua kwa nini mfanyakazi mpya hupokewa kwa shangwe kwenye kundi la timu, halafu siku ya tatu bado hajui amuulize nani?

Kwa sababu ujumbe mwingi wa ukaribisho humsifu mgeni bila kumwonyesha watu. Anajua wenzake wamefurahi, lakini hajui nani anashika nini, nani yuko tayari kusumbuliwa, wala yeye mwenyewe aombwe msaada gani. Na wenzake nao, ukiwauliza, watakwambia tu kwamba kuna mtu mpya mwenye digrii mbili.

Tutazame ujumbe wa kawaida. Tuseme mgeni anaitwa Zawadi na ameingia timu ya hesabu. Kiongozi anaandika hivi:

"Habari za asubuhi wanatimu. Nina furaha kubwa kumtambulisha kwenu Zawadi, aliyejiunga nasi leo. Zawadi ana shahada mbili na uzoefu wa miaka 9 katika taasisi kubwa. Ni mchapakazi, mcheshi, na anapenda kusafiri. Naomba tumpe ushirikiano. Zawadi, usisite kumuuliza mtu yeyote jambo lolote. Karibu sana!"

Hakuna neno baya hapo. Ndani ya robo saa "karibu" zinamiminika, emoji za makofi, moja ya keki. Kama ni kundi la WhatsApp, Zawadi anaziona kwa namna ambayo mwandishi hakuifikiria: hana namba ya mtu yeyote kwenye simu yake, kwa hiyo kila karibu inatoka kwa namba ndefu, pengine na jina la utani alilojiwekea mwenye simu. "Mama Wawili" amemkaribisha. "Simba wa Nyika" amemkaribisha. Nani kati yao anatoa nywila za mfumo?

Tatizo kubwa limejificha kwenye sentensi inayosikika kuwa ya ukarimu kuliko zote: usisite kumuuliza mtu yeyote. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio lililofanyika New York. Kila mwanafunzi aliketi chumbani peke yake, akizungumza na wenzake kwa vipaza sauti, bila kuonana. Ghafla mmoja wa "wenzake", ambaye kwa kweli ilikuwa sauti iliyorekodiwa, akaanza kusikika kama mtu aliyeshikwa na kifafa. Kati ya waliodhani kwamba ni wao tu waliomsikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kifafa hakijakwisha. Kati ya walioamini kwamba kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Wale waliokaa hawakuwa na roho mbaya. Wengi walionekana kuhangaika kuliko hata waliotoka. Jukumu lilikuwa limegawanywa mpaka halikumwangukia mtu.

Swali linaloandikwa kwenye kundi la watu thelathini, "Samahani jamani, fomu za malipo ziko wapi?", hupatwa na jambo hilohilo kwa kipimo kidogo. Kila mmoja analisoma na kudhani mwenzake wa idara husika ameshajibu pembeni. Baada ya saa mbili za kimya, mgeni hafikirii habari ya jukumu kugawanyika. Anafikiri ameuliza swali la kijinga. Mara ya pili hataliandika kwenye kundi. Atamfuata faraghani mtu mmoja tu aliyewahi kumchekea, na huyo mmoja ataelemewa.

Dawa yake ni majina. Mwandishi wa ujumbe ataje mtu, jambo na muda, tena baada ya kukubaliana na huyo mtu, maana kumtwika mwenzako mgeni mbele ya kundi zima bila kumwambia ni njia ya haraka ya kumfanya mgeni aonekane mzigo.

Jambo la pili ni ramani. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alieleza mwaka 1985 kwamba watu waliozoeana huwa na kumbukumbu ya pamoja: si kila mtu anajua kila kitu, ila kila mtu anajua nani anajua nini. Ndiyo maana timu ya zamani huenda mbio. Hakuna anayepoteza asubuhi kutafuta mkataba. Wote wanajua mikataba ni ya fulani. Mgeni hana ramani hiyo hata kama ana uzoefu wa miaka 9, na kinachosahaulika zaidi ni kwamba yeye mwenyewe hayumo kwenye ramani ya wengine. Mpaka watu wajue wamfuate kwa lipi, wataendelea kupita pembeni yake, kwa heshima kabisa.

Sasa rudi kwenye zile sifa. "Shahada mbili na uzoefu wa miaka 9" humpandisha mtu kwenye kiti ambacho kushuka kwake kuna aibu. Aliyetangazwa kuwa bingwa atauliza vipi jinsi ya kufungua kabrasha la pamoja? "Mcheshi" ni mbaya zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu inamdai achekeshe watu asiowajua. Hata hivyo, kumtaja mtu kama mtu, na si kama nafasi iliyojazwa, kuna uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Daniel Cable, Francesca Gino na Bradley Staats ulifanyika katika kampuni ya Wipro nchini India, kwenye kituo cha simu cha huduma kwa wateja. Wageni wa kundi moja, katika siku yao ya kwanza, waliambiwa hasa juu ya fahari ya kampuni na wakapewa fulana zenye jina la kampuni. Wa kundi jingine walipewa nafasi ya kufikiria na kueleza wanafanya vizuri pale wanapotumia uwezo gani walio nao, na fulana zao zilikuwa na majina yao wenyewe. Baada ya miezi sita, wa kundi la pili walikuwa wamebaki kazini kwa wingi zaidi, na wateja wao waliridhika zaidi.

Angalia tofauti hapo. Watafiti hawakuwasifu wageni, waliwauliza. Kwa ujumbe wa kundi, maana yake ni kumtumia Zawadi rasimu kabla haijatoka na kumuuliza mambo mawili: tukuiteje, na ungependa watu wakufuate kwa jambo gani? Hapo ndipo pia zinapoondolewa habari ambazo si za kundi, kama vile alikuwa likizo ya ugonjwa, au amechukua nafasi ya aliyeondoka kwa ugomvi. Na kama kundi zima linaitana kwa majina ya kwanza, "Bi." au "Dk." mbele ya jina lake peke yake humweka mbali, isipokuwa mwenyewe akipenda.

Ujumbe uleule, ukiandikwa upya:

"Zawadi ameanza leo timu ya hesabu. Wiki hii anafanya kazi na Musa kwenye ankara za wateja. Kuanzia Jumatatu ijayo ankara zote mpumzisheni Musa, mpelekeeni Zawadi. Alikuwa kwenye hesabu za hospitali, kwa hiyo madai ya bima yakiwakwamisha, yeye anayafahamu. Zawadi, mambo ya mfumo na nywila ni Neema. Taratibu za malipo ni Musa, na wiki hii ametenga saa nane hadi saa tisa alasiri kila siku kwa maswali yako. Hapa tunaandika ya kazi tu, na ujumbe wa usiku husubiri asubuhi. Musa na Neema, jitambulisheni hapa chini kwa mstari mmoja, na wengine tufuate: jina, na unashika nini."

Sifa zimepungua, na bado ujumbe huu una joto zaidi. Sentensi ya ankara inampa mahali pa kusimama na inampa tarehe. Bila tarehe, watu wangeendelea kumwandikia Musa kwa mazoea hadi mwisho wa mwaka. Bima imetajwa ili siku ya kwanza kabisa awe na kitu ambacho wengine wanakihitaji kwake. Saa ya Musa inaondoa ile hofu ya kusumbua, kwa kuwa kuuliza saa nane si kusumbua, ni kutumia muda uliokwisha kutengwa. Kuhusu ujumbe wa usiku, kila kundi lina sheria kama hizo ambazo hazijaandikwa popote, na mgeni huzijua kwa kuzivunja.

Ombi la mwisho ndilo linalobadilisha sura ya majibu. Watu wengi huandika "karibu" si kwa uvivu, bali kwa sababu hawakupewa kingine cha kuandika. Wakipewa mfano wa mstari mmoja, wataujaza: "Karibu Zawadi, mimi ni Asha, nashika manunuzi." Zile namba ndefu zinapata majina, na Zawadi anaweza kuzihifadhi mojamoja. Kwenye Slack na programu nyingine zenye mazungumzo ya pembeni, majibu yakae chini ya ujumbe wenyewe, ili atakapoutafuta wiki ijayo avikute vyote pamoja.

Kuna suala dogo la mpangilio ambalo huharibu kazi yote: mwingize kwanza, ndipo utume. Kwenye WhatsApp, kwa kawaida, anayeingizwa haoni yaliyoandikwa kabla hajaingia. Nimeona ukaribisho mzuri ukisomwa na kila mtu isipokuwa mwenyewe. Na usimwachie yeye afungue kwa "Zawadi, jitambulishe", maana mtu wa kwanza kuongea kwenye chumba cha watu thelathini asiowajua ataandika mistari miwili ya tahadhari, kisha atanyamaza.

Ujumbe hauwezi kila kitu. Kama Neema hajatengeneza akaunti yake ya mfumo hadi Alhamisi, hakuna maneno yatakayomfanya Zawadi ajione sehemu ya timu Jumatano. Ila ukitaka kujua kama ujumbe umefanya kazi, usihesabu emoji. Tazama maswali yake yanatokea wapi. Yakija kwenye kundi na kujibiwa na aliyetajwa, mambo yanaenda. Yakiwa yote yanapita faraghani kwa mtu mmoja, ramani haijaeleweka, na inafaa kutaja tena majina. Kisha tazama watu wanamwandikia nani kuhusu ankara Jumatatu ikifika.

Kama bado wanamwandikia Musa, Musa ndiye wa kulitengeneza, na hapo hapo kwenye kundi, si kwa kumalizana na mteja kimyakimya: "Hii ni ya Zawadi sasa. Zawadi, mteja huyu ana dai la bima la mwezi uliopita, utamwambiaje?"